Hotuba ya dakika 11: jinsi mkuu wetu wa shule alivyowashukuru wafadhili kwa kuwasomea mpango wa maktaba

Naandika hiki kisa kwa sababu nilikuwemo ndani yake tangu mwanzo, mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwenye shule moja ya sekondari ya kata huku mkoani Tanga na nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa jengo jipya la maktaba. Siku ya kufungua, mkuu wetu wa shule, ambaye sisi wote tunamwita Madamu, alitoa hotuba ya kuwashukuru waliochangia, na ile hotuba imenifundisha vitu ambavyo kwenye hotuba nyingi za namna hii sijawahi kuviona. Jina la shule nitaliacha, la Madamu pia, maana hakuna aliyeniruhusu kuwataja.

Kwanza nieleze ilivyoanza kuandikwa, maana rasimu ya kwanza niliandika mimi na ilikuwa mbaya. Nilifanya kama tulivyozoea, itifaki imezingatiwa, halafu majina yote ya waliochangia kuanzia aliyetoa kikubwa mpaka aliyetoa kidogo na kiasi cha kila mmoja pembeni, kurasa nne. Madamu akaniambia isome kwa sauti huku tunaangalia saa. Dakika 22. Na humo ndani hakuna hata sentensi moja inayosema jengo lilipangwaje. Akaniuliza, "Mwalimu, mtu aliyetoa laki mbili akikaa juani dakika 22 akasikia jina lake mara moja, anarudi nyumbani anajua nini kuhusu laki mbili zake?" Nikakosa jibu.

Akasema tuigeuze. Tusishukuru kwanza halafu ndo tueleze mpango, tueleze mpango hatua kwa hatua na shukrani ya kila kundi iingie palepale mchango wake ulipoingia kwenye jengo. Orodha ya majina na kiasi tukaiprinti tukaibandika ukutani mlangoni, pamoja na nakala za risiti, kila mtu akasome kwa nafasi yake. Hotuba ikashuka mpaka dakika 11.

Sasa ile siku yenyewe. Watu wameshakaa chini ya turubai, mgeni rasmi kafika, Madamu anashika maiki. Akasalimia kwa kifupi, halafu akainua kitabu. Kilikuwa kitabu cha Baiolojia cha kidato cha tatu kutoka maktaba ya zamani, ukikitazama jalada kizima kabisa, kijani chake bado kinang'aa. Akakifungua katikati na vumbi likamwagika mezani, ndani kurasa zote zimeliwa, kumebaki njia za udongo kama mito kwenye ramani. Mchwa. Akasema, "Shelfu nzima ya chini tuliipoteza hivi, na hatukujua mpaka mwanafunzi alipokuja kuazima." Yani pale turubai zima lilinyamaza.

Nataka nikae kidogo hapo kwenye mchwa kwa sababu ndio mahali pa kwanza shukrani yake ilipoingia. Madamu alieleza kwamba kabla hatujamwaga zege la sakafu, udongo wote uliojazwa ndani ya msingi ulinyunyiziwa dawa ya mchwa, halafu ikatandikwa nailoni nzito, ndo zege likaja juu. Hiyo dawa haionekani. Ukiingia ndani ya jengo leo hakuna kinachokuonyesha kwamba ipo, na ndo maana ni kitu cha kwanza watu wanachokiruka hela ikipungua, kwa sababu hakuna wa kuuliza. Familia moja iliyochangia kwa kumkumbuka baba yao ndiyo iliyolipia dawa, nailoni na kazi ya chini yote, na Madamu akawaambia mbele ya watu kwamba mchango wenu hamtauona kamwe kwa macho, mtauona kwa vitabu vitakavyokuwa vizima miaka kumi ijayo. Akaongeza kwamba mwalimu wa maktaba kila mwezi anapita na tochi kuangalia pembe za ukuta, akiona kamstari ka udongo kanapanda kutoka sakafuni ajue washafika, na shelfu za mbao anazigonga gonga, ukisikia sauti ya utupu ujue ndani hamna kitu. Shelfu pia hazigusi ukuta, zimeachwa upana wa vidole vitatu hivi, ili hewa ipite na hako kamstari kaonekane.

Kisha akaingia kwenye hesabu, na hapa niliogopa watu watachoka, ila hawakuchoka kwa sababu alianza na watu badala ya mita. Maktaba ya zamani ilikuwa stoo ya mita 5 kwa 6 yenye viti 24. Shule ina wanafunzi 640. Wote tulikuwa tunadhani shida ni vitabu vichache. Kabla ya kuchora chochote, Madamu alimwagiza mwalimu wa maktaba akae wiki mbili na daftari, kila saa aandike wameingia wangapi, wamekaa wangapi, wamesimama wangapi, wamegeuza wangapi mlangoni. Matokeo yalitushangaza wote. Asubuhi palikuwa patupu, ila baada ya vipindi mchana walikuwa wanafika mpaka 70 kwa mpigo, na wengi hawaazimi kitu, wamekuja na daftari zao kutafuta meza tu ya kufanyia mazoezi. Nyumbani hawana meza, hawana taa. Kwa hiyo tulichokuwa tunakihitaji zaidi kuliko kitu kingine ni viti.

Hilo daftari ndilo lililoamua ukubwa wa jengo. Tulienda na futi kamba mpaka maktaba ya mkoa pale Tanga mjini, tukaomba ruhusa tukapima meza, viti na njia za katikati, tukalinganisha na kipimo wanachotumia wachoraji wa maktaba, kwamba msomaji mmoja na kiti chake na sehemu yake ya meza na njia ya kupita nyuma yake anakula kama mita za mraba 2.3. Tukaamua viti 60. Kwa nini isiwe 70? Madamu aliwaeleza wazi, kile kilele cha 70 ni cha saa moja tu kwa siku, kujenga kwa ajili ya saa moja ni kulipia nafasi inayokaa tupu saa nyingine zote, na wale kumi wanaozidi wanaweza kukaa kwenye baraza, ndo maana baraza limepewa benchi za zege. Viti 60 mara 2.3 unapata kama mita za mraba 138, ongeza shelfu, meza ya mwalimu na kistoo cha kukarabatia vitabu, ukafika kwenye jengo la mita 8 kwa 22.

Wazazi wengi hawaoni picha ukiwaambia mita za mraba 176, akawapa kipimo wanachokijua. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa kwa fedha za UVIKO, kila darasa shilingi milioni 20, na kila kijiji huku kinayakumbuka. Akasema jengo letu ni karibu madarasa matatu ya vile, kwa hiyo tulianzia milioni 60, juu yake tukaweka milioni 11 za shelfu, meza, viti na bei za vifaa zilivyopanda. Jumla 71. Hapo nikaona wazee wawili mbele wanatikisa kichwa kukubali, maana sasa wanaweza kupima wenyewe kama tumeibiwa au hatujaibiwa.

Sehemu iliyofuata ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote na tuliibishania wiki nzima kabla. Mchoro wa kwanza jengo lilikuwa linatazama barabara, upande mrefu umeelekea magharibi, kwa sababu mmoja wa wachangiaji wakubwa alitamani linaonekana kutoka barabarani na sisi tulikubali bila kufikiri. Jioni moja, saa kumi hivi, fundi wetu mkuu alituita pale kiwanjani akasema simameni hapa mtazame mtakapoweka madirisha. Jua lilikuwa linatupiga usoni kiasi cha kushindwa kufumbua macho. Na saa kumi ndio saa ileile daftari linasema maktaba inajaa. Jua la magharibi liko chini, halizuiliki na paa hata ungelitoa nje kiasi gani, linaingia moja kwa moja mpaka kwenye kurasa, chumba kinakuwa oveni na karatasi inageuka njano. Ukilizungusha jengo upande mrefu ukatazama kaskazini na kusini, sisi tulioko karibu na ikweta jua linapita juu, paa likitoka nje mita 1.2 kivuli kinatosha karibu mwaka mzima, na kuta fupi za mashariki na magharibi unaziacha bila madirisha kabisa.

Tukazungusha. Maana yake ukipita barabarani leo unaona ukuta mfupi usio na dirisha, na huyo mchangiaji alikuwa na haki ya kuuliza. Sasa angalia Madamu alivyolibeba. Kabla hatujachimba msingi alimfuata nyumbani kwake, akamwonyesha mchoro wa kwanza na wa pili, akampeleka kiwanjani saa kumi ileile. Yule mzee akasimama dakika mbili tu akasema, "Mwanangu, zungusha." Na kwenye hotuba Madamu hakusema mfadhili alitaka hivi, alisema, "Mchoro wa kwanza niliupitisha mimi na ulikuwa na kosa," akaeleza kosa lenyewe, kisha akamshukuru mzee kwa kukubali ukuta wake usiwe na dirisha. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha kisa chote. Jambo lolote linalomgusa mfadhili mmoja lazima alisikie faragha kwanza, jukwaani asikie anachokijua tayari. Nimewahi kuhudhuria shughuli ambapo mtu aligundua kwenye maiki kwamba hela yake ilihamishiwa kwenye uzio wakati yeye alitoa kwa ajili ya darasa, aliondoka kabla ya chakula.

Baada ya hapo akajibu swali la ghorofa. Kuna kundi la wanafunzi wa zamani walikuwa wanasema tangu mwanzo kwamba mkijenga juu ya madarasa ya sasa mtaokoa kiwanja. Madamu alitumia mifuko ya simenti kuwajibu. Tulipanga nafasi ya vitabu 4,000 kwa miaka inayokuja. Vitabu vya kiada ni vyembamba, mita moja ya ubao inabeba kama 40, kwa hiyo mita 100, na lazima uache sehemu moja ya tano wazi la sivyo kila kitabu kipya kinamlazimu mwalimu kuhamisha safu nzima, ikawa mita 125. Shelfu zetu zina mbao tano zenye upana wa sentimita 90, hivyo tulihitaji shelfu 28. Shelfu moja ikijaa ina uzito kama wa mifuko miwili na nusu ya simenti. "Shelfu 28 ni mifuko 70," akasema, "nani aliyeko hapa yuko tayari mwanawe akae chini ya mifuko 70 ambayo haiondoki usiku wala mchana?" Na kweli, sakafu ya darasa la juu inahesabiwa kwa watoto na madawati, ya vitabu inatakiwa kubeba zaidi ya mara mbili ya hapo, na yale madarasa yetu ya zamani msingi wake haukupigwa kwa ajili ya kitu chochote juu. Hivyo jengo likabaki chini, na wale wanafunzi wa zamani akawashukuru kwa sababu mifuko 115 ya simenti waliyoleta ndiyo iliyoingia kwenye sakafu, akawaambia inameni mguse.

Hizo sentimita 90 nazo zina hadithi yake na sikutaka ziachwe, Madamu akakubali nusu dakika. Fundi seremala alitutengenezea shelfu ya mfano yenye ubao wa mita 1.8 bila nguzo ya kati, ilipendeza kweli. Tukaipanga vitabu tukaiacha. Wiki ya tatu ule ubao ulikuwa umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, ukiweka gololi pembeni inakimbilia katikati yenyewe. Tuliibakiza makusudi nyuma ya jukwaa na watoto walikuwa wanaijaribu kwa gololi siku nzima. Ile moja ilitugharimu, ila ilituzuia kuagiza nyingine za aina ileile.

Kuhusu hela. Ahadi zilikuwa milioni 94, zilizoingia ni 71. Nilimwomba Madamu asiseme, niliona ni kuwaaibisha watu kwenye sherehe yao. Akasema namba zote mbili, bila jina la mtu, kwa sauti ileile aliyosemea za simenti, kisha akaeleza tulikata nini. Tulikata chumba cha kompyuta, mita 5 za mwisho upande wa mashariki. Tungeweza kujenga chote kwa pupa tukaezeka nusu, kama yale magofu tunayoyaona huku kwetu yameota mipapai ndani, lakini kamati iliamua tumalize kidogo kinachofungwa mlango. Ule ukuta wa mashariki ukaachwa na meno, yani tofali moja limetoka nje, moja limeingia, ili siku hela ikija ukuta mpya ung'ate ule wa zamani usije ukaachana na kupasuka mstari wima. Aliposema hivyo nilijua amefanya sawa na mimi nilikuwa nimekosea, kwa sababu baadaye mgeni rasmi alisimama akaanza kuuliza mbona hakuna kompyuta na watu wakamjibu wenyewe kutoka kwenye viti, "Meno, mheshimiwa, kuna meno!"

Shukrani iliyonigusa mimi kuliko zote ilikuwa ya mama lishe aliyewapikia mafundi. Kuna miezi miwili akaunti ilikauka kabisa tukisubiri ahadi, na yule mama aliendelea kupika ugali na dagaa kila siku kwa watu tisa, akiandika tu kwenye kadaftari kake. Alilipwa yote mwishoni, hajachangia hata senti ukifuata orodha, jina lake kwenye ukuta wa mlangoni halimo. Madamu alisema, "Kuna mtu ametukopesha miezi miwili bila riba wala karatasi, na bila yeye mafundi wangeondoka kabla ya lenta." Akamwita kwa jina la mwanawe kama tunavyomwita wote, mama akasimama na aproni yake, alikuwa anapika hata siku hiyo. Vivyo hivyo wazazi walioleta mawe na mchanga, alitaja kwa kitongoji na kwa tripu, akasema msingi wenu ni huu na huu.

Sasa niseme na palipoharibika, kwa sababu hotuba haikuwa kamilifu. Karibu na mwisho Madamu alisema, "Tafadhali msituletee vitabu kabla hamjatuuliza tunahitaji nini." Kwa hoja alikuwa sahihi kabisa. Tulishapokea masanduku 11 ya vitabu kutoka kwa mtu mwenye nia njema, na humo tukapata vitabu vya sheria za nchi nyingine, insaiklopidia za zamani mno, na riwaya za Kiingereza kigumu ambazo mtoto wa kidato cha pili hawezi kupita ukurasa wa kwanza. Vilivyotufaa havikujaza sanduku moja, na kila kitabu kinakula nafasi kwenye zile mita 125. Tunachokihitaji ni vitabu vya Taasisi ya Elimu vya mihtasari ya sasa, riwaya na tamthilia za Kiswahili, kamusi, atlasi. Ila yule aliyeleta masanduku alikuwa amekaa safu ya pili, na hakuna aliyekwenda kuongea naye kabla. Nilimwona anatazama chini. Ile kanuni tuliyoifuata vizuri kwa mzee wa barabarani tuliisahau kwake, na kosa hilo ni langu kama katibu, orodha ya watu wa kufuatwa nyumbani niliiandika mimi na sikumweka. Madamu alimfuata kesho yake na orodha ya mahitaji mkononi, wakaongea vizuri, lakini lile neno lilishasikika na watu mia tatu. Leo ningeiandika ile sentensi kwa njia nyingine, ningesema tu orodha ya vitabu tunavyovihitaji iko mlangoni kando ya risiti, basi.

Kingine kilichokosekana ni gharama za kuendesha. Alieleza jengo lilivyojengwa ila hakusema nani analipa umeme, gundi na karatasi ya kukarabatia vitabu, dawa ya mchwa ikirudiwa, na mwalimu wa maktaba ambaye bado ana vipindi vyake vyote darasani kama zamani. Tulikuwa na makisio hayo kwenye faili. Tuliyaondoa kuokoa dakika mbili, na sasa tunalazimika kuyapeleka bodi ya shule kwa barua, ambapo yanasomwa na watu wachache wakati mchana ule tulikuwa na mia tatu wanaosikiliza.

Hotuba ilipoisha watu hawakwenda moja kwa moja kwenye chakula. Walienda kusoma ukuta wa mlangoni, kundi lingine likaenda kuinama kugusa sakafu, na yule mzee wa barabarani alizunguka mpaka upande wa mashariki akasimama mbele ya meno. Alikuwa anayahesabu kwa kidole kutoka chini, akamwita fundi, "Kijana, hebu njoo. Kwa mita tano hizi, tofali ngapi?" Fundi akatoa penseli sikioni, akaanza kuandika ukutani.